Kutoka Baiskeli Hadi Cheti

Mwaka 2006 serikali ya jimbo la Bihar, nchini India, ilianza kumpa kila msichana aliyeingia darasa la tisa rupia 2,000 za kununulia baiskeli. Shule za msingi zilikuwa jirani, lakini sekondari ilikuwa mbali na vijiji vingi, na wazazi walisita kuwaruhusu mabinti zao kwenda huko kwa miguu.

Waandishi wa miradi hueleza mpango wa namna hii kwa nadharia ya mabadiliko: tukifanya hivi, kitatokea hiki, kwa sababu hii. Huko Bihar, shughuli ni kutoa fedha, na zao lake ni msichana mwenye baiskeli. Badiliko linalotarajiwa ni msichana huyo kuandikishwa sekondari, asome na amalize. Baiskeli huhesabika kwa urahisi, na nadhani ndiyo maana ripoti nyingi za miradi huishia kwenye idadi ya vitu vilivyogawiwa. Lakini kati ya baiskeli na uandikishaji kuna dai ambalo halionekani kwenye picha za uzinduzi: kwamba kinachomzuia msichana ni umbali.

Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walilipima dai hilo. Waliwalinganisha wasichana wa Bihar na wavulana wa huko huko, kisha na wenzao wa Jharkhand, jimbo jirani ambalo halikuwa na mpango huo. Uandikishaji wa wasichana sekondari ulikuwa umepanda kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana limepungua kwa asilimia 40.

Takwimu hizo peke yake hazitoshi. Huenda wazazi walivutiwa na fedha tu, wakawaandikisha mabinti ili wazipate. Ingekuwa hivyo, wasichana wanaoishi karibu na shule nao wangeongezeka kwa kiasi kile kile. Sivyo ilivyotokea: ongezeko lilikuwa hasa katika vijiji vilivyo kilomita 3 au zaidi kutoka sekondari. Hapo ndipo dai la umbali liliposimama.

Mbele zaidi mnyororo ulilegea. Wasichana waliofanya mtihani wa darasa la kumi waliongezeka kwa asilimia 18, ila waliofaulu waliongezeka kwa asilimia 12 tu. Baiskeli humfikisha mtoto getini. Somo lenyewe linamtegemea mwalimu, na mpango huu haukumgusa mwalimu. Hilo si kosa la baiskeli, bali ni la yeyote atakayeandika kwamba baiskeli italeta ufaulu.

Basi ukiletewa andiko la mradi wa wasichana katani kwako, usianze na idadi ya baiskeli, madaftari au taulo. Waulize wahusika wamejuaje kwamba kizuizi cha hapo ndicho hicho, na ni wasichana gani ambao, kwa hesabu yao wenyewe, hawatanufaika.