Baba A, mama B, mtoto O

Mwanamume wa kundi la damu A ameoa mwanamke wa kundi B, na mtoto wao wa kwanza ni wa kundi O. Onyesha kwa mchoro jinsi jambo hilo linavyowezekana. Ukipitia mitihani ya biolojia ya miaka iliyopita utakutana na swali hili kwa sura nyingi, na wanaolikosa mara nyingi huanzia kwa wazazi. Aanziwe mtoto.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayoamua kundi la damu, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Jeni hiyo ina aina tatu, yaani aleli A, B na O. Aleli A na B huweka alama juu ya chembe nyekundu za damu, na zikikutana kwa mtu mmoja zote mbili hujitokeza, akawa wa kundi AB. Aleli O haiweki alama ya A wala ya B, kwa hiyo ikiwa pamoja na A au B haionekani. Ndiyo maana mtu wa kundi A anaweza kuwa AA au AO, na kipimo cha kawaida cha damu hakitofautishi hao wawili. Mtu wa kundi O hana njia mbili: ni OO tu.

Basi mtoto wetu ni OO. O moja ameipata kwa baba, nyingine kwa mama. Kwa hiyo baba, ingawa ni wa kundi A, lazima awe AO, na mama lazima awe BO. Mtoto ndiye aliyefichua kilichokuwa kimejificha kwa wazazi wake. Sasa mchoro unajichora:

```
Wazazi:    AO     x     BO
Gameti:  (A) (O)     (B) (O)
Watoto:   AB   AO   BO   OO
Kundi:    AB   A    B    O
```

Vitabu vingi huandika Iᴬ, Iᴮ na Iᴼ badala ya herufi tupu, lakini hesabu ni ileile. Mstari wa kuchungwa zaidi ni ule wa gameti, yaani mbegu ya baba na yai la mama. Kila gameti hubeba aleli moja tu, na huzungushiwa duara. Mwanafunzi anayeandika AO ndani ya duara moja ameshapotea, kwa sababu mtoto wake atatoka na aleli nne badala ya mbili. Dalili ya kosa ni hiyo: hesabu herufi za kila mtoto, zikizidi mbili rudi kwenye gameti.

Kisha huja kipengele cha pili: uwezekano wa mtoto wa pili kuwa wa kundi O ni upi? Ni 1/4, hata kama wa kwanza tayari ni O. Mchoro hausemi kwamba wenzi hao watazaa watoto wanne wa makundi manne. Unasema kwamba kila mimba huanza upya na nafasi zilezile, kwa hiyo wanaweza kupata watoto watatu wote O.

Swali gumu zaidi ni la kumtambua baba, na hilo liliwahi kufika mahakamani. Huko California, mwigizaji Charlie Chaplin alidaiwa kuwa baba wa mtoto wa Joan Barry. Mama alikuwa kundi A, mtoto kundi B, Chaplin kundi O. Fuata njia ileile: mama wa kundi A hana aleli B, kwa hiyo B ya mtoto ilitoka kwa baba. Chaplin, akiwa OO, hakuwa na B ya kumpa. Hata hivyo mwaka 1945 baraza la wazee wa mahakama lilimtangaza kuwa baba na akaamriwa kumtunza mtoto, kwani sheria ya huko wakati ule haikuchukulia kipimo cha damu kuwa ushahidi wa mwisho. Ninaamini walikosea.

Lakini tuseme Chaplin angekuwa wa kundi B. Je, hapo ingethibitika kuwa ndiye baba? Hapana, kwa sababu wanaume wengi mno wana aleli B. Makundi ya damu yanaweza kumwondoa mtu kwenye orodha, hayawezi kumthibitisha. Na hata kumwondoa kuna tahadhari yake. Mwaka 1952 madaktari wa Bombay, India, walieleza hali adimu ambapo mtu mwenye aleli A au B hupimwa akaonekana O, kwa sababu hana kitu kinachohitajika ili alama ya A au B ijengwe. Kwenye karatasi ya mtihani hali hiyo haihesabiwi. Nyumbani, mume anayemtilia mkewe shaka kwa sababu ya kadi ya damu aulize kwanza kama kipimo kilirudiwa, kisha waende kwenye kipimo cha vinasaba.