Maziwa ya bodaboda: poza kwanza, ndipo ufunike

MAFUBIRA, Jinja – Mchuuzi anayebeba maziwa juani kwa baiskeli au pikipiki hulifunga dumu kwa blanketi au sponji nene akiamini analikinga na joto. Mara nyingi anafanya kinyume. Maziwa hutoka kiweleni yakiwa na nyuzi 38 hivi. Ukiyafunika yakiwa moto, joto hilo linabaki ndani, na vijidudu vinapata kitanda cha kuzaliana. Blanketi halipozi kitu, linatunza tu hali iliyopo.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya safari. Mkebe wa alumini uliojaa usimamishwe kwenye karai la maji baridi ya kisima kwa nusu saa hivi, maji yafike usawa wa maziwa, na ukoroge kwa kijiko kirefu kisafi. Maji yakipata uvuguvugu, yabadilishe. Ndipo uufunge mkebe kwa gunia la katani lililoloweshwa. Upepo wa safari hukausha gunia, na maji yanayoruka huondoka na joto. Lirowesheni tena kila mnaposimama. Hapa karibu na Ziwa Victoria hewa ina unyevunyevu, hivyo msitegemee mengi kama huko kwenye ukavu. Barafu ikipatikana, iwe kwenye chupa iliyozibwa, pembeni ya mkebe chini ya gunia, kamwe isiwe ndani ya maziwa.

Kwenye pikipiki, mkebe uwe mbali na ekzosi. Ujazeni mpaka karibu na shingo, maana maziwa yanayorukaruka hutengana na mafuta yake.

Saa zihesabiwe tangu kukamua, si tangu kuondoka. Maziwa mabichi yana kinga yake ya asili, lakini kwenye nyuzi 30 hudumu saa mbili au tatu tu. Baada ya hapo vijidudu vinaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa, yaani mara 16 ndani ya saa mbili.

Tuseme mfugaji wa kwanza amekamua saa kumi na mbili asubuhi, na wa mwisho saa moja na nusu. Ukichanganya, saa ni ya yule wa kwanza. Ukiondoka saa mbili, maziwa yana saa mbili tayari. Soko la Jinja unaliwahi. Lakini Busia, zaidi ya kilomita 100, huiwahi bila tangi la kupozea. Afadhali uuze kwenye kituo cha kupozea kilicho karibu. Maziwa ya jana jioni yasichanganywe na ya asubuhi.

Mnunuzi hupima kwa spiriti yenye asilimia 70 hivi: kiasi sawa cha maziwa na spiriti. Yakiganda vipande kwenye kuta za bomba, yameanza kuchacha. Usipokuwa na spiriti, chemsha kijiko kimoja cha maziwa. Yakikatika, usiyapakie, maana hata kuyachemsha yote hakutayarudisha, na sumu za baadhi ya vijidudu hazifi kwa moto.