Mipaka ya Dawa za Kupaka katika Maambukizi ya Vidonda vya Moto: Ufafanuzi wa Kitabibu kwa Mazingira ya Arusha na Meru

Katika kaya nyingi za miteremko ya Mlima Meru, chakula hupikwa kwenye mafiga au jiko la mkaa lililowekwa chini, na katika miezi ya baridi ya Juni na Julai maji ya kuoga huchemshwa kila jioni. Sufuria huwa katika kimo cha mkono wa mtoto. Mtoto aliyeungua anapofikishwa kituo cha afya, swali ambalo hujirudia ni iwapo kidonda kipakwe krimu tu, au mgonjwa apewe pia viuavijasumu vya kumeza au kudungwa. Makala haya yanafafanua kwamba jibu hutegemea zaidi mahali bakteria walipo kuliko nguvu ya dawa yenyewe.

Moto au maji yanayochemka huua ngozi pamoja na mishipa midogo ya damu iliyomo ndani yake. Tishu hiyo iliyokufa, ambayo baadaye hukauka na kuwa gamba, haipitishi damu. Kwa sababu hiyo, dawa inayodungwa kwenye mshipa haifiki ndani ya gamba kwa kiwango cha kutosha, hata dozi ikiongezwa. Bakteria nao hukaa humo wakiwa na unyevu, joto na protini. Katika siku za mwanzo huwa ni stafilokoka na wenzake wanaoishi kwenye ngozi. Baada ya takriban juma moja hutokea wale wa utumbo na wa maji, hususani pseudomonasi. Kuwapo kwao juu ya kidonda ni jambo la kawaida. Ugonjwa huanza wanapovuka mpaka na kuingia kwenye tishu hai.

Hapo ndipo ilipo nafasi ya dawa ya kupaka. Salfadiazini ya fedha, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960, hupunguza idadi ya bakteria juu ya kidonda kwa kukigusa moja kwa moja. Hata hivyo, haipenyi vizuri gamba nene, hivyo mpakaji anayeongeza krimu juu ya gamba jeusi hafikii walipo bakteria. Haifai kwa mtoto mchanga wala mjamzito aliyekaribia kujifungua. Aidha, tathmini ya Cochrane ya mwaka 2013 ilionesha kwamba, ikilinganishwa na aina nyingine za kufunga kidonda, krimu hii ilihusishwa na maambukizi mengi zaidi, ingawa ubora wa tafiti zilizokusanywa ulikuwa hafifu. Tathmini hiyohiyo haikupata faida ya jumla ya kumpa mgonjwa viuavijasumu vya mwili mzima kama kinga. Desturi ya kumwanzishia kila aliyeungua amoksilini, ambayo mara nyingi huwa imeshanunuliwa duka la dawa kabla ya kufika kituoni, haina mashiko. Hubakiza tu bakteria sugu kwenye gamba lisilofikiwa na dawa. Mwongozo wa mfukoni wa Shirika la Afya Duniani kuhusu huduma kwa watoto hospitalini, toleo la 2013, unataja hata papai lililopondwa miongoni mwa vitu vya kupaka pale krimu inapokosekana. Ukiusoma kwa makini, uzito wake uko kwenye kuosha na kuondoa tishu iliyokufa kuliko jina la dawa.

Ili kuonesha jinsi mpaka huo unavyotambuliwa, uchukuliwe mfano wa kubuni wa mtoto wa miaka 3 mwenye kilo 14, kutoka Ngaramtoni, aliyemwagikiwa chai kifuani na mkono wa kulia. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole, hukadiriwa kuwa asilimia 1 ya eneo la mwili. Kwa kipimo hicho ameungua asilimia 12, kiasi kinachotosha kumlaza. Anaoshwa, anapewa dawa ya maumivu, kinga yake ya pepopunda inahakikiwa, na anapakwa krimu chini ya bandeji.

Siku ya pili joto ni nyuzi 38.4. Mtoto anakunywa na kucheza, na kingo za kidonda ni laini. Homa hii inaweza kutokana na mwitikio wa mwili kwa kuungua, nayo pekee haitoshi kuwa sababu ya kuanza sindano. Siku ya nne bandeji inafunuliwa na kuonekana utando wa kijivu uliochanganyika na njano. Wengi huuita usaha. Mara nyingi ni krimu iliyoungana na majimaji ya kidonda. Ukisuguliwa taratibu kwa shashi yenye maji safi hutoka, na chini yake huonekana nyama ya waridi yenye unyevu. Asiyeosha hawezi kujua anachokitazama.

Siku ya sita hali inabadilika. Mtoto anakataa uji na anaukinga mkono usiguswe. Sehemu iliyokuwa ya waridi imegeuka kuwa ya kahawia na haitoki damu ikisuguliwa, yaani kidonda kimekwenda chini zaidi bila kuungua upya. Ngozi nzima inayozunguka kidonda imevimba. Vitabu hueleza dalili hii kuwa ni wekundu unaosambaa, lakini vingi viliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana kama weusi uliokolea au zambarau, au hauonekani kabisa. Kinachosaidia ni mgongo wa mkono wa mhudumu: joto, ugumu na maumivu nje ya ukingo wa kidonda. Mpaka wa ugumu huo huchorwa kwa kalamu na kuandikwa saa. Ukivuka mstari ndani ya saa chache, maambukizi yanaenea.

Sasa krimu haitoshi. Kwa dozi za mwongozo uliotajwa, mtoto mwenye dalili za sumu ya maambukizi kwenye damu hupewa kloksasilini miligramu 25 hadi 50 kwa kilo kila baada ya saa 6, pamoja na jentamisini miligramu 7.5 kwa kilo mara moja kwa siku. Kwa kilo 14, kloksasilini kwa kiwango cha juu ni miligramu 700 kila dozi, na jentamisini ni miligramu 105. Damu ya kuotesha vimelea ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza pale maabara inapoweza, bila kuchelewesha dawa. Pamba iliyopanguswa juu ya kidonda hueleza wakazi wa juu tu. Kipande cha tishu hueleza waliovuka. Gamba lililofunika maambukizi huondolewa, kwa kuwa sindano isiyoambatana na hatua hiyo hutibu kingo na kuacha chanzo. Kazi hiyo inapozidi uwezo wa kituo, rufaa huelekezwa Hospitali ya Mount Meru, na ikibidi KCMC, Moshi.

Joto la chini nalo lina maana. Mtoto aliyeungua akishuka chini ya nyuzi 36.5, mhudumu wa Meru hushawishika kusema ni baridi ya Julai. Afunikwe na kupimwa upya. Akibaki baridi huku mapigo yakienda mbio na akili ikizubaa, achukuliwe kuwa na maambukizi hadi ithibitike vinginevyo.

Ipo hali moja inayokiuka mantiki yote ya kutazama kidonda. Baadhi ya stafilokoka hutoa sumu inayoingia kwenye damu bila bakteria wenyewe kuvuka mpaka. Huwapata zaidi watoto wadogo wenye vidonda vidogo, siku ya pili hadi ya nne: homa kali ya ghafla, vipele, kutapika au kuharisha, kisha mikono na miguu kupoa. Kidonda huonekana safi kabisa. Kuharisha huko hupewa kwa urahisi jina la ugonjwa wa tumbo, na mtoto hurudishwa nyumbani na chumvichumvi ya kuongeza maji. Kwa mtoto aliyeungua juma hilohilo, bandeji ifunguliwe, kidonda kioshwe, na maji ya mshipani pamoja na kiuavijasumu kinachofaa kwa stafilokoka vianze papo hapo.