Loni Yako Itaisha Lini? Hesabu Miezi Mwenyewe kwa Kitufe cha log

Watu wengi wakichukua mkopo huuliza maswali mawili: nitapewa ngapi, na nitalipa ngapi kwa mwezi? Swali la tatu huachiwa mkopeshaji: nitalipa kwa miezi mingapi? Hilo ndilo swali linaloamua riba yote utakayotoa mfukoni. Na jibu lake unaweza kulipata mwenyewe kwa dakika moja, ukitumia kikokotoo kilicho ndani ya simu yako.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Una duka, unataka friji ya vinywaji, na umekopa shilingi 100,000. Riba ni asilimia 2 kwa mwezi, inayotozwa kwa salio linalopungua. Yaani kila mwezi riba huhesabiwa kwa deni lililobaki, si kwa pesa uliyokopa mwanzoni. Mkopeshaji anakuuliza: utaweza kulipa ngapi kila mwezi? Unajibu, shilingi 4,000.

Pesa yako huenda wapi kila mwezi

Mwezi wa kwanza, riba ni asilimia 2 ya 100,000, yaani shilingi 2,000. Ukilipa 4,000, nusu inamezwa na riba na nusu ndiyo inayopunguza deni. Unabaki na deni la 98,000.

Mwezi wa pili, riba ni asilimia 2 ya 98,000, yaani 1,960. Sasa 2,040 inaenda kwa deni, na salio linakuwa 95,960. Mwezi wa tatu riba ni 1,919.20, na deni linapungua kwa 2,080.80.

Hebu angalia hiyo sehemu inayopunguza deni: 2,000, halafu 2,040, halafu 2,080.80. Kila mwezi inakua kwa asilimia 2 kamili, kiwango kile kile cha riba. Hii si bahati. Kila shilingi ya deni unayoiondoa inaacha kuzaa riba, na riba hiyo iliyookolewa inarudi kukusaidia kulipa deni mwezi unaofuata.

Basi mkopo unaisha lini? Unaisha pale ambapo hakuna tena riba ya kumeza chochote, yaani pale ambapo ile sehemu inayopunguza deni ingefikia malipo yako yote, 4,000. Kwa hivyo swali lote limekuwa hivi: shilingi 2,000 ikikua kwa asilimia 2 kila mwezi, itachukua miezi mingapi kufika 4,000? Ama kwa ufupi zaidi, uzidishe kwa 1.02 mara ngapi ndipo upate 2?

Hilo swali la "mara ngapi" ndilo kazi ya logarithimu. Ni zile zile logi za darasani, zilizotafutwa kwenye kijitabu cha jedwali. Siku hizi jedwali ni kitufe.

Kutoka kwa fomula ya mkopeshaji hadi yako

Wakopeshaji hutumia fomula ya kutafuta malipo ya mwezi wakishajua miezi. Tukiita mkopo M, riba ya mwezi r, malipo ya mwezi L na idadi ya miezi n, fomula yao ni hii:

```
L = M × r ÷ (1 − (1 + r)^(−n))
```

Wewe unajua L na unatafuta n, kwa hivyo tunaigeuza. Ukihamisha vitu pole pole, n inabaki upande wake ikiwa juu, kama kipeo:

```
(1 + r)^n = L ÷ (L − M × r)
```

Soma upande wa kulia kwa lugha ya kawaida: ni malipo yako, gawanya kwa kile kinachobaki baada ya riba ya mwezi wa kwanza. Kwa mfano wetu ni 4,000 gawanya kwa 2,000, tunapata 2. Ndiyo ile 2 tuliyoiona hapo juu. Kuishusha n kutoka kule juu, tunachukua logi ya pande zote mbili:

```
n = log(L ÷ (L − M × r)) ÷ log(1 + r)
```

Sasa shika simu

Fungua kikokotoo na uilaze simu upande. Kwenye simu nyingi vitufe vya ziada hutokea, na kimoja kimeandikwa `log`. Fanya hatua hizi:

1. Tafuta riba ya mwezi wa kwanza: 100,000 × 0.02 = 2,000.
2. Itoe kwenye malipo yako: 4,000 − 2,000 = 2,000.
3. Gawanya malipo kwa jibu hilo: 4,000 ÷ 2,000 = 2.
4. Chukua logi yake: log 2 = 0.30103.
5. Chukua logi ya moja jumlisha riba: log 1.02 = 0.0086002.
6. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: 0.30103 ÷ 0.0086002 = 35.003.

Miezi 35. Hicho kidesimali cha .003 ni salio dogo la shilingi 11 litakalobaki baada ya malipo ya 35. Jumla utalipa 140,011, kwa hivyo friji imekugharimu riba ya 40,011.

Kama simu yako ina `ln` badala ya `log`, jibu ni lile lile, mradi utumie kitufe kimoja juu na chini. Usichanganye.

Elfu moja ina uzito gani?

Sasa uzuri wa fomula ni kwamba unaweza kubadilisha L na kuona kinachotokea kabla hujatia sahihi. Mkopo ni ule ule, riba ni ile ile:

- Ukilipa 5,000 kwa mwezi: 25.8, yaani malipo 25 kamili na la 26 dogo kidogo, shilingi 3,987. Riba yote ni 28,987.
- Ukilipa 4,000: miezi 35. Riba yote ni 40,011.
- Ukilipa 3,000: 55.5, yaani malipo 55 na la 56 la shilingi 1,442. Riba yote ni 66,442.
- Ukilipa 2,100: miezi 154, karibu miaka 13. Riba yote ni 222,865, zaidi ya mara mbili ya mkopo wenyewe.

Tazama hatua ya kutoka 3,000 hadi 4,000. Ni elfu moja zaidi kwa mwezi, kama shilingi 33 kwa siku, lakini inakata miezi zaidi ya 20 na kuokoa riba ya zaidi ya 26,000. Elfu nyingine, kutoka 4,000 hadi 5,000, inakata karibu miezi 9 na kuokoa kama 11,000. Elfu inayoongezwa juu ya malipo madogo ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu huko chini karibu pesa yote inamezwa na riba.

Ndiyo maana ujihadhari mtu akikwambia, "Usijali, tutakupunguzia malipo yawe mepesi." Huenda kweli unahitaji kupumua, na hilo si kosa. Lakini kabla ya kukubali, weka malipo hayo mapya kwenye fomula uone umeongezewa miezi mingapi.

Na ukishuka hadi 2,000? Hatua ya pili inakupa sifuri, na simu itakataa kugawanya. Haijaharibika. Inakuambia ukweli: unalipa riba tu, deni halisogei hata shilingi moja, na mkopo huu hauishi milele. Ukishuka chini ya 2,000, deni linakua.

Mkopo ulioanza zamani

Si lazima uwe unaanza leo. Weka salio la leo mahali pa M. Tuseme deni la friji limefika 60,000. Riba ya mwezi huu ni 1,200. Ukiendelea na 4,000, ni 4,000 ÷ 2,800 = 1.42857, na fomula inatoa miezi 18. Ukipandisha hadi 5,000, ni 5,000 ÷ 3,800 = 1.31579, na jibu ni 13.9. Umekata miezi 4.

Kabla ya kutuma nyongeza, muulize mkopeshaji mambo mawili. Je, pesa ya ziada itapunguza deni mara moja, ama itawekwa tu kama malipo ya mwezi ujao? Na je, kuna ada ya kumaliza mkopo mapema? Ukishatuma, angalia salio jipya. Likiwa halijashuka kwa kiasi ulichotarajia, piga simu mapema huku ukiwa na ujumbe wa malipo mkononi.

Mahali hesabu hukosewa

Kosa la kwanza ni riba ya mwaka. Ukiambiwa asilimia 24 kwa mwaka, gawanya kwa 12 ili upate asilimia 2 kwa mwezi, na uandike 0.02, si 2 wala 0.24. Ukiweka 0.24, riba ya mwezi wa kwanza itakuwa 24,000 na utaona mara moja kwamba kuna kitu hakiko sawa.

La pili ni kugawanya kabla ya logi. Hatua ya 6 ni logi gawanya kwa logi. Ukigawanya 2 kwa 1.02 kwanza ndipo uchukue logi, utapata 0.29, yaani mkopo wa laki moja kwisha kwa siku tisa. Jibu kama hilo likikuja, rudia.

La tatu ndilo zito: fomula hii ni ya riba ya salio linalopungua pekee. Kuna mikopo ambayo riba haipungui, inahesabiwa kwa pesa uliyokopa mwanzoni hadi siku ya mwisho. Asilimia 2 ya namna hiyo kwa miezi 35 ni riba ya 70,000, na malipo yako yangekuwa 4,857 kwa mwezi badala ya 4,000. Asilimia inayotajwa ni ile ile, lakini mkopo ni tofauti kabisa. Njia ya kutambua ni rahisi: kwenye ratiba ya malipo, tazama riba ya mwezi wa pili. Ikiwa imeshuka, kama vile kutoka 2,000 hadi 1,960, salio linapungua na fomula inafaa. Ikiwa bado ni 2,000, weka logi kando.

Vile vile fomula haifai kwa mikopo mifupi ya simu inayotoza ada moja kwa siku 30, wala kwa ile inayotoza ada kila siku. Pia haijui faini za kuchelewa, bima ya mkopo wala ada ya kutuma malipo. Hizo zijumlishe kando.

Ukiwa na ratiba ya mkopeshaji, ilinganishe na jibu lako. Tofauti ya mwezi mmoja yaweza kutokana na kukadiria au tarehe ya kuanza. Ikiwa tofauti ni miezi mitano au sita, omba uonyeshwe riba ya kila mwezi, mstari kwa mstari, kabla ya kutia sahihi.