Chuma Ndani ya Muundi
Aliyevunjika muundi kwa ajali ya bodaboda hushtuka akiona eksirei ya wiki ya 6: ufa bado upo! Ni kawaida. Fimbo nyeupe iliyopita katikati ya mfupa, na skrubu zilizoukingama juu na chini, haziungi mfupa. Zinauzuia usipinde wala kujizungusha wakati unajiunga wenyewe, kazi ya miezi kadhaa. Tazama kando ya ufa: ukungu mweupe ni mfupa mchanga. Aliyewekewa bamba huenda asiuone, kwa kuwa bamba hubana vipande vikaungana bila kuvimba. Kinachonitia wasiwasi ni weusi unaoizunguka skrubu, dalili ya kulegea au maambukizi, hasa maumivu yakizidi ukikanyaga. Hapo mrudie daktari mapema.