Vyuma Vizito, Chakula Kidogo

Mtu anayepunguza mafuta mwilini huanza na sahani. Ugali unapungua, chapati zinaachwa, soda inasahauliwa. Kisichopungua ni uzito anaonyanyua jimu: mwezi uliopita alichuchumaa na kilo 100 mabegani, na mwezi huu anazitaka zile zile 100.

Nia hiyo ina msingi. Mwili unaokula pungufu hutafuta nishati hata kwenye misuli, na vyuma vizito ndivyo vinavyoilazimu misuli ibaki. Lakini mwili huo huo sasa una akiba ndogo ya wanga misulini, na unachelewa kupona kati ya zoezi na zoezi. Marudio mawili ya mwisho ya seti, ambayo zamani yalikuwa magumu tu, sasa ndiyo yanayopinda mgongo. Kwa hiyo anayekata anahitaji kujua mambo mawili katika kila zoezi: umbo sahihi likoje, na linaanza kuvunjikia wapi.

Skwoti huanzia miguuni. Nyayo zinakaa upana wa mabega au zaidi kidogo, vidole vikielekea nje kiasi. Kabla ya kushuka, mtu anavuta pumzi hadi tumboni na kukaza tumbo pande zote, kama anayesubiri kupigwa ngumi. Mkazo huo ndio unaoushikilia uti wa mgongo chini ya mzigo. Mwenye shinikizo la damu asibane pumzi kwa muda mrefu, kwa sababu shinikizo hupanda sana wakati huo. Atoe pumzi anapoinuka, na apate ushauri wa daktari kabla ya kugusa mizigo mizito.

Magoti yanafuata uelekeo wa vidole, na kisigino hakiachi sakafu. Bado wako makocha wanaokataza goti lisipite vidole vya mguu. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walipima jambo hilo kwa kuweka ubao mbele ya magoti ya wanyanyuaji. Mzigo wa goti ulipungua kwa karibu asilimia 22, lakini wa nyonga uliongezeka zaidi ya mara kumi, kwa sababu kiwiliwili kililazimika kuinama mbele. Goti kusogea mbele kiasi si kosa. Kosa ni goti kuporomoka kuelekea ndani.

Dalili ya uchovu katika skwoti ni makalio kutangulia kupanda huku kifua kikibaki chini. Misuli ya mbele ya paja imechoka, na kiuno kimeachiwa kazi isiyo yake. Seti inaishia hapo, hata kama hesabu haijatimia. Ndiyo maana vyuma vya usalama vya fremu hufungwa chini kidogo ya pale nondo inapofika mtu akiwa chini kabisa. Asiye na fremu ni heri akumbatie dambeli moja kifuani, kwa kuwa akishindwa ataiweka chini mbele yake.

Zoezi la pili ni kuinama kwa nyonga, ambalo dedilifti ni mtoto wake. Hapa hakuna kuchuchumaa: makalio yanarudi nyuma, magoti yanakunjwa kidogo tu, na mgongo unabaki kama ulivyo mtu akisimama wima. Kipimo chake ni fimbo ya ufagio iliyolazwa mgongoni ikigusa kisogo, katikati ya mabega na kifandugu. Mtu ainame polepole. Fimbo ikiachana na sehemu mojawapo, mgongo umepinda, na atajifunza zaidi kwa fimbo hiyo kuliko kwa kilo za ziada.

Penye chuma, nondo inapanda karibu kabisa na miguu. Ikisogea mbele hata kwa upana wa kiganja, kiuno kinabeba zaidi ingawa kilo ni zile zile. Anayekata asidundishe nondo sakafuni ili kuiba nguvu ya rudio linalofuata. Aitue, akaze tumbo upya, ndipo ainue. Akiona mgongo unajikunja kila chuma kinapoachana na sakafu, anaweza kuinua sahani juu ya mbao imara au kupunguza uzito.

Kwenye kusukuma, wazoefu wengi husema benchi ndiyo huanza kushuka mwili unapopungua. Kinachofuata huwa ni ubishi: viwiko vinatanuka hadi kuwa msalaba na kiwiliwili, na bega linaanza kuuma upande wa mbele. Viwiko vikae katikati, si kubana mbavu wala kutanuka kabisa. Mabega yavutwe nyuma na kukandamizwa kwenye benchi, na kidole gumba kiizunguke nondo ili isiteleze ikaangukia kifua. Asiye na mtu wa kumshika asilale chini ya nondo nzito bila vyuma vya usalama. Dambeli au pushapu zinatosha. Anayesukuma juu ya kichwa akaze makalio, la sivyo mbavu zitafunguka na kiuno kitajipinda nyuma.

Kuvuta ndiko kunakodharauliwa zaidi. Mtu anainama, anavuta nondo kuelekea tumboni, na uzito ukimzidi anarusha kiwiliwili juu ili kuipandisha. Mikono inapata sifa, kiuno kinafanya kazi. Rudio sahihi linaweza kusimamishwa sekunde moja pale juu. Lisiposimama, uzito umezidi. Siku ya dedilifti kiuno kimeshachoka, kwa hiyo ni busara kuvuta dambeli kwa mkono mmoja, mwingine ukiegemea benchi.

Chukua mfano wa mtu mwenye kilo 90 anayelenga kupoteza takribani nusu kilo kwa wiki kwa wiki nane. Anaanza na skwoti ya kilo 100, seti nne za marudio matano, akiacha marudio mawili ambayo angeweza kuyaongeza. Anajirekodi kwa simu kutoka ubavuni. Hadi wiki ya nne hakuna kilichobadilika. Wiki ya tano, katika seti ya nne, makalio yanatangulia. Hapunguzi kilo kwanza. Anapunguza seti hadi tatu, kwa sababu uzito ndio unaotunza misuli na wingi wa kazi ndio unaochosha. Wiki ya saba dalili inajitokeza kwenye seti ya pili. Sasa anashuka hadi kilo 92.5 na kubaki hapo hadi mwisho.

Maumivu nayo yasomwe vizuri. Misuli iliyokakamaa pande zote mbili kesho yake au keshokutwa, kisha ikalegea, ni ya kawaida. Maumivu makali ya ghafla, yanayokaa kwenye kiungo au upande mmoja, yanasimamisha zoezi. Yakiteremka mguuni pamoja na ganzi, mtu amwone daktari. Ganzi ya sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura ya hospitali siku hiyo hiyo.

Wiki nane zikiisha, chakula kinarudi kwanza, vyuma baadaye. Yule wa kilo 92.5 anaupa mwili wiki moja au mbili za kula vya kutosha, anarudisha seti ya nne, kisha anaongeza kilo 2.5 kila wiki ambayo video inaonyesha kifua na makalio vikipanda pamoja.