Goma: Barua kwa meya, ni taarifa ao ni kuomba ruhusa?

Mutu anayetaka kufanya marshi ao kukusanya michango hadharani mjini Goma anaanza na barua kwa ofisi ya meya. Wengi huiita barua ya kuomba ruhusa. Katiba ya mwaka 2006 haisemi hivyo.

Kifungu cha 25 kinalinda mikutano ya amani isiyo na silaha. Kifungu cha 26 kinahusu maandamano barabarani ao mahali pa wazi: waandalizi wanapashwa kumujulisha mukubwa wa utawala kwa maandishi. Ni kujulisha, si kuomba. Lakini sheria ya tarehe 29 Januari 1999, iliyo ya zamani kuliko Katiba, ilikuwa inadai ruhusa, na wakubwa wengi wameendelea kufanya kazi kwa mawazo hayo.

Mahali panabadilisha mambo. Kwaya inayokusanya michango ya wakimbizi ndani ya jumba la parokia inahitaji kwanza kukubaliwa na mwenye jumba. Ikitoka nje na kuimba kwenye uwanja wazi, kifungu cha 26 kinaanza kuihusu.

Barua nzuri inataja majina, anwani na simu za waandalizi, shabaha ya mukusanyiko, tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, mahali ao njia itakayopitwa, na hesabu ya watu wanaongojewa. Kibali cha mwenye mahali kinafungwa pamoja nayo, na kopi inapelekwa kwa polisi, wanaopashwa kulinda watu. Kopi ya muandalizi ipigwe muhuri wenye tarehe ya kupokelewa. Bila muhuri huo, ni vigumu kuhakikisha kwamba wakubwa walijulishwa.

Hata hivyo, muhuri hauzuii katazo. Tangu Mei 2021, utawala wa kijeshi Kivu ya Kaskazini uliwapa wakubwa wa jeshi uwezo wa kukataza mikutano. Tarehe 23 Agosti 2023, meya Faustin Kapend Kamand alikataza maandamano ya kanisa la Wazalendo dhidi ya MONUSCO na jeshi la Afrika Mashariki. Alfajiri ya tarehe 30, mbele marshi ianze, askari walifyatua risasi. Watu zaidi ya 50 walikufa.

Mahakama ya kijeshi ya Goma haikuchukua katazo lile kuwa kisingizio. Mwezi Oktoba 2023 ilimuhukumu Kolonel Mike Mikombe kifo, na askari watatu miaka 10 gerezani. Wawili waliachiliwa.

Tangu Januari 2025 mji uko mikononi mwa AFC/M23, na ofisi ya meya pia. Anayepokea barua amebadilika. Kwa hiyo muandalizi anapashwa kwanza kujua nani atakayejibu, na kungojea jibu la maandishi mbele ya kuita watu. Akikatazwa, aombe sababu iandikwe, na awajulishe watu mapema wasitoke nyumbani.